Video zimetazamwa mara 9,640 lakini watu ni 3,810: nimwelezeje mwenye duka la pembejeo?

Mwana Chikundi

Wakuu, habari za jioni. Niko Masasi, nina chaneli ndogo YouTube ya mambo ya korosho. Msimu wa minada kama sasa, kila wiki naweka video ya bei zilizotoka, chama kwa chama. Nje ya msimu naweka kupalilia, kupogolea, kupulizia salfa, na kuna moja ya kubangua korosho nyumbani ambayo sijui imependwa na nani.

Kuna mwenye duka la pembejeo anataka nimtangazie salfa na mabomba ya kupulizia. Amewahi mapema, anasema sasa hivi ndiyo wakulima wameshika hela, Mei watakuwa wameshazila. Tukakubaliana nimtumie skrinishoti ya siku 28 zilizopita. Nikamtumia. Juu inasema `Views` 9,640. Nikateremka nikampiga na ya pili, `Unique viewers` 3,810, nikijua nazidi kumfurahisha.

Jamaa kaja juu. Anasema nimempa bei ya watu 9,640 wakati mtandao wenyewe unasema watu ni 3,810, kwa hiyo hizo nyingine "nimejaza". Mimi najua sijajaza kitu ila maelezo yangu hayajamwingia. Na kuna kingine kimenichanganya hata mimi. Nilichukua zile siku 28 nikazigawa wiki nne, nikaangalia `Unique viewers` ya kila wiki peke yake: 1,420, kisha 1,510, kisha 1,380, na ya mwisho 1,690. Jumlisha, unapata 6,000 kamili. Sasa watu wangu ni 6,000 au 3,810?

Naomba mwenye kujua anisaidie, jamaa anataka jibu kabla ya Ijumaa.

---

Nangurukuru Stendi

Mkuu hiyo rahisi. 9,640 ni mara ambazo video zimefunguliwa, 3,810 ni simu zilizofungua. YouTube inahesabu simu kwa simu. Mtu mwenye simu mbili anahesabiwa wawili, basi. Wanaobaki ni wale wanaorudia video ileile, ndio wanaitwa `Returning viewers`. Kwa hiyo 9,640 toa 3,810, wanaorudi ni 5,830. Mpelekee hiyo.

---

Tandahimba Mjini

Nangurukuru, mwanzo umeenda vizuri, mwisho umemwaga. Hauwezi kutoa mara kwenye watu ukapata watu. Ni kama pale AMCOS: mkulima mmoja akileta mzigo mara tatu anaandikiwa mara tatu, ila jina kwenye daftari ni lilelile moja. Stakabadhi tatu toa mkulima mmoja haikupi wakulima wawili.

---

Nangurukuru Stendi

Sawa mkuu wa stakabadhi, hebu sema wanaorudi ni wangapi basi.

---

Tandahimba Mjini

Sijui. Najua tu si 5,830, maana hao wangekuwa wengi kuliko watu wote alionao.

---

Mikindani Bandarini

Samahani kuingilia. Mimi nauza vitenge, naweka bidhaa status ya WhatsApp. Inaandika wameona 84 lakini wateja wanaoniuliza ni walewale watatu. Hii nayo ni mambo hayahaya ya wanaorudi? Na je, yule anayeangalia mara mbili anaonekana?

---

Tandahimba Mjini

Dada, status ni kitu kingine. Pale jina linatokea mara moja hata akifungua mara kumi. Hao 84 ni namba za simu 84. Kwa nini hawanunui ni uzi mwingine kabisa, ufungue tutakuja.

---

Binti Mingoyo

Habari zenu. Hii ndiyo kazi ninayoshinda nayo, nasimamia chaneli za watu wawili watatu hapa Lindi, kwa hiyo niruhusuni niandike kwa kirefu kidogo. Mwana Chikundi, 6,000 yako na 3,810 yako zote ni za kweli, na ukiziweka pamoja ndizo zitakazokuokoa kwa huyo mwenye duka.

Tuanze na watu watatu tu, tusahau maelfu.

Jumamosi, mzee mmoja wa Nanyamba anafungua video yako ya mnada asubuhi. Jioni anaifungua tena amwonyeshe jirani. Kijana wake naye anaiangalia kwa simu yake mara moja. Siku hiyo umetazamwa mara tatu, vichwa viwili. Jumapili yule mzee anaangalia video yako ya kupogolea, na mwalimu mmoja wa Newala anaangalia ile ya mnada. Umetazamwa mara mbili, vichwa viwili.

Sasa chagua siku zote mbili kwa pamoja. Kutazamwa kunajumlishika bila matatizo: tatu na mbili ni tano. Vichwa havijumlishiki. Jumamosi viwili, Jumapili viwili, lakini watu wenyewe ni watatu, kwa sababu mzee yupo kote kuwili. Kila siku anahesabiwa mara moja kwa siku hiyo. Kipindi kikiwa kirefu anahesabiwa mara moja kwa kipindi chote.

Kwa video ni vilevile. Ya mnada ina vichwa vitatu, ya kupogolea ina kimoja, ukijumlisha ni vinne, chaneli ina watatu. Mtu akiona hapo anadhani mtandao umekosea hesabu. Haujakosea, umeulizwa maswali tofauti.

Turudi kwako. Wiki nne zimekupa 6,000, siku 28 zimekupa 3,810. Kila mtu kati ya hao 3,810 ametokea angalau katika wiki moja. Kwa hiyo 6,000 toa 3,810, kuna mahudhurio 2,190 ya ziada, yaani mtu ambaye wiki fulani alikuwepo na wiki nyingine akawepo tena. Hayo hayawezi kuwa ya kurudia video ileile jioni ileile, kwa sababu ndani ya wiki moja mtu ni mmoja hata akifungua mara hamsini. Ni watu waliokuja kwenye chaneli wiki tofauti.

Ni wangapi hao? Hapo hatuwezi kuwataja kamili, ila tunaweza kuwabana. Kama kila mmoja wao alikuja wiki mbili tu, basi ni watu 2,190. Kama wote ni wale wa kutokosa, wiki zote nne, kila mmoja ana mahudhurio matatu ya ziada, 2,190 gawa kwa tatu ni 730. Ukweli uko kati ya 730 na 2,190. Mwambie mwenye duka: hata nikikadiria kwa ubaya kabisa, nina watu zaidi ya mia saba waliokuja kwangu katika wiki zaidi ya moja. Mtu aliyejaza namba kwa hila hawezi kutoa hesabu ya namna hiyo.

---

Mwana Chikundi

Dada Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili (mnihesabu kichwa kimoja). Hii ya 730 imeniingia.

Ila hapo umekokotoa mwenyewe. Si kuna sehemu imeandikwa wanaorudi? Kwangu ukiingia `Audience` kuna mchoro wa mistari.

---

Binti Mingoyo

Ipo, na hapo ndipo Nangurukuru alipoteleza, hayuko peke yake. `Returning viewers` haihusu video, inahusu chaneli. Ni mtu ambaye alishawahi kuangalia chochote kwako kabla, kisha katika kipindi ulichochagua akaja tena. Akiangalia video mpya kabisa ambayo hajawahi kuiona, ni anayerudi. Mtu mgeni kabisa akirudia video moja mara tano kwa mkupuo, bado ni mgeni tu, ila amekupa kutazamwa mara tano.

Wala haihusu kusabskraibu. Wako watu wanakufuata kila wiki na hawajabonyeza kitu, na wako waliobonyeza wakati ule unawaomba harusini, hawajarudi tena.

Mistari ile isome siku kwa siku, usiijumlishe, kwa sababu ileile ya mzee wa Nanyamba. Angalia umbo lake. Kama chaneli yako ni ya bei za mnada, mstari wa wanaorudi utapanda siku unayoweka video na kushuka katikati. Mstari wa wageni utakwenda polepole, haujali sana umeweka lini, kwa sababu wao wanakuja kwa kutafuta au kwa kupendekezewa.

Pia usishangae kwako ukikuta mgawanyo umeandikwa vingine. Toka 2025 YouTube wameanza kuwagawa wanaorudi mafungu mawili: `Casual` ni aliyekuangalia miezi kati ya 1 na 5 katika mwaka, na `Regular` ni aliyekuangalia miezi 6 au zaidi. Wageni wanabaki `New`.

---

Tandahimba Mjini

Subiri hapo hapo. Minada inaanza Oktoba, ikienda sana ni Januari. Mkulima anayeangalia bei kila wiki msimu mzima, kila wiki, bila kukosa, ana miezi minne. Huyo kwa hesabu yao ni `Casual`?

---

Binti Mingoyo

Ndiyo. Atabaki `Casual` hata awe shabiki wako namba moja, isipokuwa ukimpa sababu ya kuja na Machi na Juni. Hiyo migawanyo imetengenezwa kwa mtu anayetoa video mwaka mzima. Chaneli ya msimu itaonekana haina watu wa kudumu, na mwenye duka akiona `Regular` ni kidogo sana atakuja juu tena. Mweleze kabla hajaiona.

Na kuna baya kuliko hilo. Mtu ambaye hajakuangalia kwa zaidi ya mwaka anahesabiwa mgeni upya. Chukua mkulima anayekuja kwako kwa ajili ya salfa tu. Mwaka huu mikorosho imetoa maua mapema, kaangalia mwanzoni mwa Juni. Mwaka kesho mvua zimechelewa kukatika, maua yamechelewa, kaangalia mwishoni mwa Juni. Hapo katikati imezidi mwaka. Mtu wako wa zamani kabisa, kwenye mchoro anatokea `New`.

---

Nangurukuru Stendi

Haya nimekubali ya kurudi. Lakini ya simu mbili sijakosea, nimejaribu mwenyewe.

---

Binti Mingoyo

Umekosea nusu, kaka. Hesabu ya vichwa pale ni makadirio, na wamejaribu kuzingatia mtu mwenye vifaa viwili na kifaa kimoja chenye watu wawili. Mtu akiwa na akaunti ileile kwenye simu na kwenye kompyuta ya ofisini, lengo lao ni kumhesabu mmoja. Kwa hiyo si simu kwa simu.

Inapoharibika ni pale akaunti inapokatika. Mtu anafuta historia ya alichoangalia, au anaangalia kwa dirisha la faragha, huyo anaingia kama mgeni. Sasa niwaulize: huku kwetu mtu akinunua simu nyingine, au ile ya zamani ikigoma, fundi anamfanyia nini?

---

Fundi Ligula

Nimeitwa. Anafunguliwa imeili mpya. Mteja hakumbuki nywila ya zamani, hakumbuki hata imeili yenyewe ilikuwa na jina gani, anataka simu iwashe aende zake. Kuna mzee mmoja nimemfungulia ya tatu sasa, kila akiangusha simu anaanza maisha upya. Sijawahi kufikiria kama nawaharibia watu wa chaneli.

---

Binti Mingoyo

Huyo mzee kwenye chaneli anayoipenda ana nafasi kubwa ya kuwa amehesabiwa wageni watatu. Hesabu ya kutazamwa haijali, mara ni mara. Kinachoumia ni vichwa kuwa vingi kuliko watu, na wanaorudi kuwa wachache kuliko walivyo.

Na upande wa pili pia upo. Video ya bei ya mnada inaangaliwa kijiweni, simu moja, watu sita wameinama. Hiyo ni mara moja na kichwa kimoja. Mtu akiipakua na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la AMCOS, huko inachezwa mara ngapi YouTube haijui kabisa. Kwa hiyo 3,810 usimwambie mwenye duka kwamba ni idadi kamili ya binadamu. Mwambie ni makadirio ya walioangalia kupitia YouTube yenyewe.

---

Mwana Chikundi

Dada, sasa nimeangalia video moja moja nikakuta vituko. Nimeandika hapa tatu zilizozidi, ni siku zilezile 28:

Ya mnada wa mwisho: kutazamwa 1,270, vichwa 610.
Ya kubangua nyumbani: kutazamwa 2,040, vichwa 1,860.
Klipu fupi ya wima, pale watu wanashangilia bei ghalani: kutazamwa 1,950, vichwa 820.

Mwenye duka anasema basi tangazo liende kwenye ya kubangua, ndiyo yenye watu wengi. Kwa hesabu ya vichwa hajakosea.

---

Tandahimba Mjini

Salfa kwa mtu anayebangua korosho jikoni kwake Dar? Haya.

---

Binti Mingoyo

Tandahimba kashamaliza lakini niongezee kidogo, maana hapa ndipo uwiano unaposema kitu.

Gawa kutazamwa kwa vichwa. Kubangua inakupa karibu 1.1. Mtu kaja, kaona, kaondoka, wala hajarudia. Hiyo ni tabia ya video inayopatikana kwa kutafuta. Nenda kwenye video hiyo, fungua sehemu inayoonyesha watu wametokea wapi, `Traffic source`. Nabashiri utakuta `YouTube search` imebeba sehemu kubwa. Kisha angalia nchi na miji. Kama nusu hawako kusini, salfa hainunuliwi hapo.

Mnada inakupa kama 2.1. Video ya bei kurudiwa ni kawaida, mtu anarudi kusikia tena chama chake kilipata ngapi. Angalia mchoro wa namna watu wanavyobaki kwenye video. Kama kuna kilima kinainuka ghafla mahali fulani, ndipo wanaporudisha nyuma. Nadhani kwako kitakuwa pale unapotaja bei ya juu na ya chini. Kama ni hivyo, tangazo lisikae mwisho wa video, likae hapo karibu.

Klipu fupi iweke pembeni kabisa, usiichanganye na hizo mbili. Kuanzia tarehe 31 Machi 2025, klipu fupi inahesabiwa kutazamwa kila inapoanza kucheza au kujirudia, hata mtu akiipitisha kwa kidole papo hapo. Na zile klipu zinajirudia zenyewe. Kwa hiyo 1,950 juu ya vichwa 820 haimaanishi kuna mapenzi makubwa, huenda mtu kaacha simu inacheza anafunga viatu. Hesabu ya zamani bado ipo, ukiingia kwenye uchambuzi wa kina utaiona inaitwa `Engaged views`. Hiyo ndiyo umpe mwenye duka kwa klipu fupi.

Halafu ukitoa hiyo 1,950 kwenye 9,640 unabaki na 7,690 za video ndefu. Usithubutu kutoa na 820 kwenye 3,810. Wengi wa hao 820 huenda ndio walewale wa mnada.

---

Nangurukuru Stendi

Kwa hiyo huyu jamaa wa duka alikuwa sahihi, 9,640 ilikuwa imevimba.

---

Binti Mingoyo

Kwa upande wa klipu fupi, ndiyo, hoja yake ina uzito, ingawa hakuijua. Kwa upande wa video ndefu, hapana. Kutazamwa mara nyingi kuliko watu ni jambo la kawaida kwa chaneli yoyote yenye watu wanaorudi. Zingelingana ndiyo ningeogopa, maana yake hakuna hata mmoja aliyeona video ya pili.

---

Mtange Beach

Naomba niulize la kwangu, linafanana. Nina nyumba ya wageni Lindi na tovuti yake. Google Analytics inaniambia mwezi huu watumiaji 300 na kitu, wanaorudi wachache mno. Lakini wapo wateja ninaowajua kwa sura wanaingia kila mwezi kuangalia vyumba. Mbona hawaonekani wanarudi?

---

Binti Mingoyo

Yako inafanana kwa jina tu. YouTube mtu mara nyingi ameingia kwa akaunti yake. Tovuti yako haimjui mtu, inajua kivinjari. Inaacha alama ndogo ndani ya kivinjari, kuki inayoitwa `_ga`, na mtu akirudi na kuki ileile anaonekana anarudi. Mteja wako akiangalia kwa simu, kisha kwa kompyuta ya kazini, ni watumiaji wawili. Wenye iPhone ndio kabisa, Safari inafuta kuki za namna hiyo baada ya siku 7 kama mtu hajarudi. Anayekuja mara moja kwa mwezi kwa iPhone atakuwa mgeni kila mwezi.

Kwa hiyo kwako vichwa vimezidi watu, na wanaorudi wamepungua. Kwa nyumba ya wageni mimi ningeacha hiyo namba, ningehesabu walioishia kupiga simu au kuweka nafasi.

---

Mtange Beach

Na mimi mwenyewe nikiingia kuhakikisha picha zimekaa vizuri nahesabiwa?

---

Fundi Ligula

Kaka na wewe unajipangia chumba kwako.

---

Binti Mingoyo

Unahesabiwa, ndiyo, mpaka uweke kichujio cha anwani yako ya intaneti, na kwa bando la simu anwani inabadilikabadilika kwa hiyo kichujio hakisaidii sana. Turudi kwenye korosho.

---

Mwana Chikundi

Nimerudi na majibu. Nimempelekea jamaa karatasi, si skrinishoti. Nimemwandikia video ndefu zimetazamwa mara 7,690, watu wa chaneli nzima wanakadiriwa 3,810, na angalau mia saba wamekuja katika wiki zaidi ya moja. Kwenye `Traffic source` ya kubangua ni kweli dada, kutafuta kumebeba zaidi ya nusu, na mji unaoongoza ni Dar.

Hiyo ya 730 kaipenda. Sasa amegeuka, anataka mkataba wa msimu mzima, Oktoba mpaka mwisho wa Januari, na mwishoni nimwonyeshe watu wa msimu wote kwa namba moja. Nimechagua tarehe za msimu uliopita kujaribu, `Unique viewers` inatokea kistari tu, hakuna namba. Kutazamwa kunaonekana vizuri. Chaneli yangu ina tatizo?

---

Binti Mingoyo

Haina tatizo. Hesabu ya vichwa haitolewi kwa kipindi kinachozidi siku 90. Oktoba mosi mpaka mwisho wa Januari ni siku 123. Kutazamwa kunatoka hata kwa miaka, kwa sababu ni kujumlisha tu. Vichwa ni lazima wajue nani ni yuleyule toka mwanzo mpaka mwisho, na hapo wameweka mpaka.

Ukikata vipande viwili na kujumlisha utarudi kwenye kosa la 6,000. Usiahidi kitu usichoweza kukitoa. Mwahidi vitu viwili: kutazamwa kwa msimu mzima, na vichwa kwa kila siku 28 kivyake. Chukua kila kipindi mapema na ukihifadhi pembeni.

---

Tandahimba Mjini

Mimi ningemwambia anipe tarakimu zake yeye. Wangapi walikuja dukani wakitaja video. Namba za YouTube zina mwisho.

---

Nangurukuru Stendi

Hapo nakubaliana. Na akiuza salfa nyingi atasema ni mvua, akiuza kidogo atasema ni video.

---

Binti Mingoyo

Wazo la Tandahimba si baya, ila lina shida yake. Mtu ataona video Novemba, atanunua salfa Mei. Muuzaji wa kaunta hatauliza, na mteja hatakumbuka. Labda jamaa atoe neno la siri la punguzo litajwe kwenye video za mnada tu, neno tofauti na la klipu fupi. Hapo atajua video ipi imemletea mtu, bila kubishana vichwa na mara.

---

Mwana Chikundi

La neno la siri nimemwambia, anasema punguzo hatoi, faida ya salfa ni ndogo. Anakubali video za mnada tu, kwa vichwa vya siku 28, ila anataka kunilipa kwa wanaorudi peke yao, wageni hawalipii. Anadai mgeni hawezi kununua salfa kwa kuona mara moja.

Mnaonaje? Mimi naona ananionea, maana kwa hesabu ya dada yule wa kila Juni anatokea mgeni.

---

Fundi Ligula

Na wateja wangu wote ni wageni kwako. Kataa.

---

Tandahimba Mjini

Usikatae, mwongezee bei ya kichwa. Kama anataka wachache waliochujwa, walipiwe zaidi.

---

Mikindani Bandarini

Jamani mimi bado sijajibiwa kwa nini hao 84 hawanunui.